TV ya bei dukani kwa shangazi: slaidi zinazojizungusha zenyewe kutwa nzima

Shangazi yangu anauza vifaa vya ujenzi Morogoro mjini. Miaka yote bei zake zilikuwa kwenye ubao mweusi ulioegemezwa mlangoni, na chaki ilikuwa inafutika kwa mabega ya wapakiaji kabla ya saa sita mchana. Alipofunga TV ya inchi 43 nyuma ya kaunta aliniita akaniambia, "Mwanangu, nataka bei zipite pale zenyewe, zizunguke, na mimi nisishike kitu chochote." Leo zinazunguka. Wenye maduka ya jirani wamekuwa wakiniuliza zilivyotengenezwa, kwa hiyo naandika safari nzima, pamoja na hela zilizoteketea njiani, ili mwingine asipite pale pale tulipokwama sisi.

Nianze na vifaa. Shangazi tayari alikuwa na TV. Tulinunua laptopu ya mtumba yenye Windows 10 na PowerPoint kwa laki tatu, chuma cha kushikilia TV ukutani kwa 35,000, na waya wa HDMI wa mita 10 kwa 30,000. Huo waya wa mita 10 ndio ulikuwa hela iliyopotea bure. Tulitaka laptopu ikae chini ya kaunta, waya upite darini hadi kwenye TV. Picha ilikuja, lakini kila baada ya muda skrini ilikuwa inazima kwa sekunde moja au mbili kisha inarudi, na mwanzoni tukadhani TV ni mbovu. Dalili ya waya mrefu wa bei rahisi ndiyo hiyo: picha haichakai wala haififii, inakatika yote kwa ghafla na kurudi yote. Tulipoazima waya wa mita moja na nusu tatizo likaisha papo hapo. Fundi seremala akatutengenezea rafu ndogo pembeni ya TV kwa 25,000, laptopu ikapanda huko juu. Na kwa duka la saruji huko juu ndiko inakostahili kukaa, kwa sababu lile vumbi jepesi la mifuko huingia kwenye feni ya kompyuta, likiziba tu mashine inapata moto na kujizima.

Kabla ya PowerPoint tulijaribu njia ambayo wengi huanza nayo: kutengeneza slaidi, kuzigeuza kuwa video, kuitia kwenye flashi na kuichomeka kwenye TV yenyewe. Haihitaji kompyuta dukani, na kwa duka ambalo bei zake hazibadiliki, kama saluni, naona inatosha kabisa. Kwenye PowerPoint unakwenda `File`, kisha `Export`, kisha `Create a Video`, unachagua ubora wa 1080p na unapata faili la MP4 ambalo TV nyingi za siku hizi zinalisoma. Angalia pale palipoandikwa `Use Recorded Timings and Narrations`. Usipolichagua hilo, kila slaidi itapewa sekunde 5 bila kujali ulichopanga.

Lakini dukani kwa shangazi video ilitushinda kwa mambo mawili. Kwanza, kila video ilipofika mwisho na kuanza upya, TV ilikuwa inaonyesha weusi kidogo, halafu mstari wenye jina la faili na alama za kucheza unatokea chini ya skrini, juu kabisa ya bei. Unaweza kulipunguza hilo kwa kunakili slaidi zako mara nyingi ndani ya faili moja, ili video iwe ya saa nzima na weusi utokee mara moja tu kwa saa. (Ila kama flashi imefomatiwa FAT32, faili moja haliwezi kuzidi GB 4.) Jambo la pili halikuwa na dawa: umeme ukikatika na kurudi, TV ile haikumbuki kwamba ilikuwa inacheza video. Lazima mtu achukue rimoti, atafute flashi, afungue folda, achague faili, awashe kurudia. Kwa mtu mwenye wateja watano mbele ya kaunta, hilo halitafanyika. Na saruji ilipopanda bei ilibidi video yote itengenezwe upya. Tukarudi kwenye laptopu.

Sasa slaidi zenyewe. Nakushauri anza na muda, rangi zitafuata. Kabla sijagusa kompyuta nilikaa dukani asubuhi moja nikiangalia watu wanasimama kwa muda gani. Anayenunua mifuko ya saruji anasubiri vijana wapakie, huyo ana dakika tano na zaidi. Anayekuja kwa kilo moja ya misumari anakaa dakika moja na nusu hivi, analipa, anaondoka. Huyu wa pili ndiye aliyeamua urefu wa mzunguko. Kama mzunguko mzima unachukua dakika nne, yeye ataondoka hajaona mabati wala rangi, na TV haitakuwa imemsaidia chochote. Kwa hiyo nilitaka mzunguko wote uishe ndani ya dakika moja na nusu, na nikapanga kila kitu kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Muda wa slaidi moja niliupata kwa kuisoma kwa sauti, taratibu, mara mbili, nikipima kwa saa ya simu. Mara mbili kwa sababu mteja hafiki pamoja na slaidi. Anainua macho ikiwa katikati, anasoma mistari ya chini, ndipo anarudi juu. Slaidi zilikuwa saba: jina la duka sekunde 5, saruji 15, nondo 18, mabati 18, rangi 12, usafiri wa kupeleka mzigo 10, na namba ya kulipia kwa simu 20. Jumla sekunde 98. Ukiongeza mpito wa sekunde moja kati ya slaidi na slaidi, mara saba, unapata sekunde 105, yaani dakika moja na sekunde 45. Bado ni ndefu kidogo.

Kilichotuokoa kilitoka kwa mteja. Alikuwa analipa kwa simu, anaandika namba ya lipa huku anaangalia juu, na alipofika tarakimu ya nne slaidi ikaondoka. Akasimama anasubiri izunguke irudi, na foleni nyuma yake ikasimama pia. Hata ningeipa slaidi ile sekunde 40 tatizo lingebaki, kwa sababu mtu anaitafuta namba pale anapolipa, si pale slaidi inapopita. Kitu chochote ambacho mteja atakinakili, kama namba ya lipa, namba ya simu ya duka au neno la siri la waifai, kitoe kwenye mzunguko kikae mahali ambapo hakiondoki. Nilikwenda `View`, kisha `Slide Master`, nikaweka mstari wa rangi ya bluu chini kabisa wenye jina la duka, namba ya lipa na namba ya simu. Kinachowekwa pale kinatokea kwenye slaidi zote, na kwa kuwa kipo mahali pale pale, macho hayaoni kikihama. Slaidi ya saba ikafutwa, mzunguko ukabaki sekunde 78 za slaidi na 6 za mipito, jumla sekunde 84.

Kuingiza muda kwenye PowerPoint kuna mtego ambao nimeuona ukimpata kila mtu niliyemfundisha. Ukifungua `Transitions`, upande wa kulia kuna visanduku viwili vya muda vinavyofanana. `Duration` ni muda ambao mpito wenyewe unachukua, ule mwendo wa slaidi moja kuyeyuka na nyingine kutokea. `After` ndio muda ambao slaidi inakaa kabla ya kupisha nyingine. Mtu akiandika 15 kwenye `Duration`, anapata slaidi inayoyeyuka polepole kama imegonjeka, bei ya saruji ikichanganyikana na ya nondo. Mimi naweka `Duration` 01.00 na mpito wa `Fade` basi. Ile mingine ya slaidi kujikunja na kupasuka inachosha macho ya mtu anayekaa dukani kutwa, na muuzaji ndiye anayeiangalia kuliko mteja.

Kisha natoa alama kwenye `On Mouse Click`, naweka alama kwenye `After` na kuandika 00:15.00, ambayo ni sekunde 15. Tarakimu za mwanzo ni dakika, za mwisho ni sehemu za mia za sekunde. Kitufe cha `Apply To All` kinanakili kila kitu cha slaidi uliyopo, mpito na muda pia, kwenda kwenye slaidi zote. Kwa hiyo kibonyeze mwanzo kabisa, ukiwa umeweka muda wa kawaida, halafu ndipo upite slaidi moja moja ukirekebisha ya kwake. Ukikibonyeza mwishoni, mabati yako ya sekunde 18 na jina la duka la sekunde 5 vyote vinakuwa sawa, na hutapewa onyo lolote. Njia ya kuhakiki ni kwenda kwenye `View`, kuchagua `Slide Sorter`, ambapo chini ya kila slaidi unaona muda wake umeandikwa. Naangalia hapo kila ninapomaliza kugusa faili.

Kitufe kingine cha kukaa nacho mbali ni `Rehearse Timings`. Kinapima muda unaotumia kupita slaidi kwa kubonyeza, na ukimaliza kinakuuliza kama unataka kuhifadhi muda huo. Ukijibu ndiyo, muda wote uliopanga kwa mkono unafutwa na kuwekwa huo mpya. Kwa mtu anayejiandaa kuhutubia kinafaa sana. Kwa TV ya dukani sina kazi nacho.

Muda ukishakaa, ndipo unaifanya ijizungushe. `Slide Show`, kisha `Set Up Slide Show`, na kwenye dirisha linalofunguka chagua `Browsed at a kiosk`. Ukichagua hilo, alama ya kurudia mfululizo inajiweka yenyewe, na kubonyeza mausi au mishale ya kibodi hakusogezi slaidi tena. Kinachoweza kusimamisha onyesho ni kitufe cha Esc tu. Dukani hilo ni muhimu mno, maana kuna watoto wa wateja, kuna vijana wa kazi, na kuna mkono unaopangusa vumbi kwenye kibodi. Upande wa kulia wa dirisha hilo hilo hakikisha imechaguliwa `Using timings, if present`, na alama ya `Use Presenter View` itoe.

Hapa ndipo watu huniandikia kwamba slaidi imeganda. Kwa mtindo huu wa kioski, slaidi yoyote isiyo na muda wa `After` haitaondoka kamwe, kwa sababu mausi hayafanyi kazi na saa haijapewa. Mara nyingi ni slaidi mpya iliyoongezwa wiki iliyopita bila kuwekewa muda. Ukikuta onyesho linasimama kila siku mahali pale pale, kompyuta haina kosa. Fungua `Slide Sorter` utafute slaidi ambayo haina muda chini yake. Na kama umeweka animesheni ndani ya slaidi, labda bei ziingie mstari kwa mstari, ziwe `After Previous`, zisiwe `On Click`, kwani hakuna mtu wa kuzibonyezea. Mimi niliziondoa zote. Bei inayoingia kwa mbwembwe ni bei ambayo kwa sekunde kadhaa haisomeki.

Faili nililihifadhi kama `PowerPoint Show`, lenye kiishio cha .ppsx. Tofauti yake na .pptx ni kwamba ukilibonyeza mara mbili linafunguka moja kwa moja likiwa onyesho la skrini nzima, bila kupita kwenye meza ya kuhariria. Wengi wanaweka mafaili mawili, moja la kuhariri na moja la kuonyesha, na matokeo yake nimeyaona: bei mpya inaandikwa kwenye la kuhariri, la kuonyesha linabaki na ya zamani. Weka faili moja tu la .ppsx. Ukitaka kulihariri, fungua PowerPoint kwanza, nenda `File`, `Open`, ulichague kutoka huko, nalo litafunguka kama faili la kawaida.

Nasisitiza hilo kwa sababu bei ya zamani kwenye TV ilituletea mzozo wa kweli. Saruji ilikuwa imepanda kwa jumla, shangazi akawaambia wauzaji kwa mdomo, TV ikabaki na bei ya wiki iliyopita. Mteja mmoja, mzee wa heshima zake, alikuja na hesabu ya mifuko 40 akiwa ameshaipigia kichwani kwa bei ya pale juu. Kijana wa kaunta akamtajia nyingine.

"Kijana, mimi sijabuni. Nimesoma hapo ukutani kwenu."

"Mzee wangu, hiyo haijabadilishwa tu."

"Sasa mnaionyesha ya nini?"

Shangazi alimuuzia kwa bei ya TV, na faida ya mifuko ile 40 ikaondoka yote. Alifanya sawa. Bei iliyoandikwa ukutani ni ahadi, na mteja hana sababu ya kujua kwamba nyuma ya ahadi hiyo kuna faili. Toka siku hiyo kila slaidi ya bei ina tarehe juu kulia, "Bei za kuanzia" na siku yenyewe, na mpangilio wa dukani ukageuzwa: bei haianzi kutumika kaunta mpaka iwe imebadilishwa kwenye TV. Yule kijana wa kaunta nilimfundisha kubadilisha yeye mwenyewe. Anabonyeza Esc, anafungua kutoka `File`, anaandika namba mpya, anahifadhi, anafunga, anabonyeza faili mara mbili. Kazi yote inaisha kabla chai haijapoa.

Kabla yake nilikuwa nikihariri nyumbani na kutuma faili kwa WhatsApp. Njia hiyo ina mwiba wake. Faili lililopakuliwa kutoka mtandaoni Windows inaliwekea alama ya tahadhari, na PowerPoint inalifungua likiwa na mstari wa njano juu ulioandikwa `PROTECTED VIEW`, onyesho halianzi mpaka mtu akubali. Dawa ni kubonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, `Properties`, kisha kuweka alama kwenye `Unblock` pale chini. Jambo jingine la kuhariri kwenye mashine tofauti ni mwandiko: kama fonti uliyotumia haipo kwenye laptopu ya dukani, itabadilishwa na nyingine na safu za bei zitavunjika. Ama utumie fonti ya kawaida kama Arial, ama uende `File`, `Options`, `Save` na kuweka alama kwenye `Embed fonts in the file`.

Wasio na PowerPoint watumie LibreOffice Impress, haina malipo. Muda unawekwa kwenye upau wa pembeni wa `Slide Transition`, na kujizungusha ni `Slide Show`, `Slide Show Settings`, kisha `Loop and repeat after` ukiacha muda wake 00:00:00. Google Slides nayo ina njia yake ya kujizungusha ukiichapisha, lakini kutoka kwenye menyu unachagua muda mmoja kwa slaidi zote, na inataka intaneti. Kwa mpango wangu wa sekunde 5 hapa na 18 pale haikufaa, na bando la dukani lilikuwa na kazi nyingine.

TV nayo ina tabia zake. Siku ya kwanza mstari wangu wa bluu wenye namba ya lipa ulikuwa umekatwa nusu kwa chini. Slaidi ilikuwa sawa, ni TV iliyokuwa inaikuza picha kidogo na kumeza kingo. Kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha tafuta kitu kama `Screen Fit` au `Just Scan`, jina linategemea aina ya TV, na kingo zitarudi zote. Kisha kuna kule kujizima: TV nyingi zina mpangilio wa kuokoa umeme unaoizima kama rimoti haijaguswa kwa masaa kadhaa. Yetu ilikuwa inazima karibu na saa saba mchana kila siku, na kwa kuwa asubuhi inawashwa saa tatu, ikaonekana wazi kwamba inahesabu masaa manne. Tafuta `Auto Power Off` uizime. Ukubwa wa maandishi niliupima kwa kusimama mlangoni, hatua saba kutoka kwenye TV. Bei zikawa nukta 48, majina ya bidhaa 40, na mistari isiyozidi sita kwa slaidi. Nondo zilikuwa na mistari tisa, nikaacha vipenyo vinavyouzwa kila siku tu, kuanzia milimita 8 hadi 16. Anayetaka vingine atauliza.

Laptopu pia inataka kulala. Kuiambia isilale nilitumia amri, kwa kuwa menyu zake zinahama hama kila toleo. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, ifungue, kisha andika mistari hii mmoja mmoja:

```
powercfg /change monitor-timeout-ac 0
powercfg /change standby-timeout-ac 0
powercfg /change standby-timeout-dc 60
```

Miwili ya kwanza inasema kwamba ikiwa kwenye umeme, skrini isizime na mashine isilale kabisa. Wa tatu unasema ikiwa inatumia betri ilale baada ya dakika 60. Huo niliuweka kwa makusudi. Umeme ukikatika TV inazima, laptopu inaendelea kuonyesha slaidi bila mtazamaji, na ukiiacha hivyo hivyo betri itakwisha kabisa. Kwa dakika 60, katizo fupi linapita bila mtu kufanya chochote, na katizo refu likiisha unagusa kitufe cha kuwashia, slaidi zinaendelea pale pale. Kwenye `Power Options` pia kuna `Choose what closing the lid does`. Iwekee `Do nothing`, ili laptopu ikae imefunikwa na vumbi lisiingie kwenye kibodi. Kwa upande wa skrini, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague `Duplicate`. Ukichagua `Extend`, kila TV inapozimika na kuwaka onyesho linaweza kurukia skrini ya laptopu na TV ikabaki na picha tupu ya mezani.

Taarifa zinazochomoza pembeni mwa skrini zizime, la sivyo ujumbe wa kusasisha programu utatokea juu ya bei ya mabati mbele ya wateja. Windows 10 inaita sehemu hiyo `Focus assist`, chagua `Alarms only`. Masasisho yenyewe hutayazuia kabisa, lakini kwenye mipangilio ya Windows Update kuna `Active hours`. Weka masaa ya duka, na mashine haitajizima na kujiwasha humo.

Mwisho ni kuhakikisha kwamba mashine ikiwashwa upya inarudi kwenye slaidi bila kuambiwa. Bonyeza Windows pamoja na R, andika `shell:startup`, itafunguka folda. Weka humo njia ya mkato ya faili lako, usiweke faili lenyewe, ili uwe unahariri lile lile moja. Kila Windows inapowaka, itafungua kilichomo humo. Sharti lake ni akaunti isiyo na neno la siri, maana ikiwa nalo mashine itasimama pale pa kuingilia ikisubiri mtu. Ndiyo maana laptopu ile haina hesabu za duka, haina barua pepe, haina kitu zaidi ya bei ambazo kila mtu anaziona ukutani. Kama duka lako lina kompyuta moja tu ya mauzo, usiifanye hivi.

Usimkabidhi mwenye duka kabla hujaijaribu kwa ukatili. Mimi niliacha izunguke kutoka kufungua hadi kufunga, nikiwa naitazama kila nilipopita. Halafu nikazima swichi ya ukutani makusudi, nikasubiri kidogo, nikawasha. TV ilirudi, lakini ikaenda kwenye ukurasa wake wa mwanzo badala ya HDMI, na hakuna mpangilio niliokuta wa kuirekebisha kwa aina ile ya TV. Kwa hiyo karatasi niliyobandika upande wa ndani wa kaunta inaanza na hilo: umeme ukirudi, chukua rimoti, bonyeza `Source`, chagua HDMI 1. Mstari wa pili unasema kama TV ina picha lakini slaidi hazipo, bonyeza faili la `bei` mara mbili. Wa tatu unasema jioni usichomoe waya, bonyeza Esc, zima laptopu kwa `Shut down`, kisha TV kwa rimoti. Rimoti yenyewe tumeifunga kwa kamba kwenye mguu wa kaunta, maana ilikuwa inapotelea kwenye mifuko ya saruji.